UZI: Jozi za istilahi za mtihani wa tafsiri. "Bondi" na "disichaji" mnaziandikaje kwenye kila fani?

Mtarajali (mwanzisha uzi)
Wakuu, salaam. Najiandaa na mtihani wa tafsiri, Kiingereza kwenda Kiswahili. Daftari langu nimeligawa kwa fani: fedha, mahakama, afya, sayansi. Kila istilahi ina mwenzake wa Kiswahili na sentensi moja ya muktadha. Maneno ya Kiingereza nitayaandika kama yanavyotamkwa ili tusome uzi bila kurukaruka.

Kinachonisumbua ni maneno yanayojirudia kila fani. Haya ndiyo niliyonayo kwa "bondi":

FEDHA: bondi = dhamana. "Alinunua dhamana za Serikali."
MAHAKAMA: bondi = dhamana. "Aliachiwa kwa dhamana."
SAYANSI: bondi = ? (sijajaza)

Na kwa "disichaji":

AFYA: kuruhusiwa. "Mgonjwa aliruhusiwa jana."
MAHAKAMA: kuachiwa huru. "Mshtakiwa aliachiwa huru."

Maswali mawili. Je, "dhamana" inatosha kotekote? Na kuna fani nimeisahau kwa "disichaji"?

Bin_Nyuki
Inatosha, usijitese. Dhamana ni dhamana, iwe korti iwe benki: kuna kitu au mtu amesimama badala ya mwingine. Msomaji ataelewa kwa muktadha. Jifunze neno moja ulijue barabara.

KaraniWaKorti
Bin Nyuki, maana ya ndani ya neno umeigusa, ila ukikaa kortini asubuhi moja tu utaona halitoshi. Pale kuna vitu vitatu, na mtahini anapenda kuviweka kwenye sentensi moja.

Cha kwanza ni hali ya mshtakiwa kuwa nje akisubiri kesi yake. Waingereza wanaiita beili, sisi tunaiita dhamana. Cha pili ni karatasi inayotiwa saini, yenye ahadi ya kulipa kiasi fulani mshtakiwa asipofika. Hiyo ndiyo bondi, na kwenye korti za Tanzania utasikia "bondi" au "hati ya dhamana". Cha tatu ni mtu anayetia saini. Huyo ni mdhamini.

Sasa soma hii: "Mahakama ilimpa dhamana kwa sharti la kuwa na wadhamini wawili, kila mmoja asaini bondi ya shilingi milioni tano." Iko wazi. Ibadilishe kwa kanuni ya neno moja: "Mahakama ilimpa dhamana kwa sharti la kuwa na wadhamini wawili, kila mmoja asaini dhamana ya shilingi milioni tano." Mtu wa kawaida atadhani kila mdhamini anatoa milioni tano mkononi siku hiyo. Sivyo. Anasaini kwamba atadaiwa mshtakiwa akitoroka. Hapo familia inaweza kurudi nyumbani kutafuta pesa ambazo hakuna aliyeziomba.

Tangu sheria ilipobadilishwa 2021 na Kiswahili kuwa lugha ya mahakama Tanzania, sentensi kama hizi si za mtihani tu.

NjeriWaHabari
Karani amesema vyema, lakini aongeze Kenya. Kwetu hakimu husema: "Ataachiliwa kwa bondi ya shilingi laki tano au dhamana ya pesa taslimu ya shilingi laki mbili." Hizo ni njia mbili tofauti, mshtakiwa anachagua moja. Ya bondi inataka mdhamini na thibitisho la mali, kwa mfano hati ya shamba. Ya pesa taslimu unalipa kortini, unapewa risiti, na kesi ikiisha ukiwa umehudhuria unarudishiwa.

Kwa hiyo huku neno "dhamana" pekee linaweza kueleweka kama pesa taslimu, wakati Tanzania ni hali nzima ya kuwa nje. Mtarajali, mtihani wako ni wa nchi gani? Jibu linategemea hapo.

Mtarajali
Asante Karani, asante Njeri. Mtihani hautaji nchi, unasema "Kiswahili sanifu". Hapo ndipo nakwama zaidi.

PesaMkononi
Wadau, na mimi nina akiba kidogo. Hizo bondi za mahakama faida yake asilimia ngapi kwa mwaka? Na nikitaka kuuza kabla ya muda inawezekana?

Bin_Nyuki
😂 PesaMkononi, bondi ya mahakama faida yake ni shemeji yako kulala nyumbani.

MwanaHisa
Msimcheke, swali lake linaonyesha kwa nini fani ziandikwe mbali mbali. PesaMkononi, unachotafuta kinaitwa hatifungani. Unaikopesha Serikali, inakulipa riba kila miezi sita, na muda ukifika unarudishiwa mtaji. Na ndiyo, unaweza kuuza kabla ya muda kupitia soko la hisa, kwa bei ya siku hiyo.

Mtarajali, sentensi yako ya "Alinunua dhamana za Serikali" si kosa, ila jozi yako imepishana. Benki Kuu ya Tanzania hutumia "dhamana za Serikali" kama jina la jumla, yaani kile Waingereza wanachokiita sekyuriti. Chini yake kuna mafungu mawili. Za muda mfupi, zisizofika mwaka, ni zile za siku 35, 91, 182 na 364. Za muda mrefu, kuanzia miaka 2 hadi 25, ndizo hatifungani. Kwa hiyo kila hatifungani ya Serikali ni dhamana ya Serikali, lakini si kila dhamana ya Serikali ni hatifungani. Ukiandika bondi = dhamana umempa mtoto jina la ukoo.

Halafu jaribu sentensi hii, inatoka kichwani mwangu lakini ni ya aina wanayoipenda: benki ilikubali bondi ziwe sekyuriti ya mkopo. Kwa neno lako moja unapata "Benki ilikubali dhamana ziwe dhamana ya mkopo." Haina maana. Tafsiri ni "Benki ilikubali hatifungani ziwe dhamana ya mkopo." Hapa dhamana imerudi tena, ila sasa ni kile unachoweka benki wasije wakakosa chao.

Bin_Nyuki
Na hiyo ya kuweka benki si rehani? Nyumba ya mjomba iliwekwa rehani, hakuna aliyesema imewekwa dhamana.

MwanaHisa
Nyumba ya mjomba iliwekwa rehani, sahihi, na kwa kuwekwa rehani ikawa dhamana ya mkopo. Rehani ni lile tendo la kuifunga mali kwa deni. Dhamana ni kazi ambayo mali hiyo inafanya. Mtu anaweza kuwa na dhamana bila rehani: mshahara wake, au mtu wa kumdhamini.

Bin_Nyuki
Mimi kwetu naona yanatumika sawasawa. Lakini sawa, endelea.

Kalamu_Nyekundu
Nimewahi kusahihisha mitihani ya aina hii, niseme kuhusu zile sentensi za muktadha, maana wengi wanazipuuza.

Mtarajali, "Alinunua dhamana za Serikali" ni sentensi dhaifu kwa kujifunzia. Toa neno "dhamana", weka "hisa", weka "magari", weka "nyumba". Zote zinakaa. Sentensi ambayo kila neno linaingia haikufundishi lolote kuhusu neno lako. Sentensi nzuri ni ile inayokataa maneno mengine. Kwa mfano: "Hatifungani hiyo ya miaka 10 itaiva mwakani, na mpaka sasa mwenye nayo amekuwa akipokea riba kila miezi sita." Huwezi kuweka "gari" hapo, wala bondi ya korti.

Tena imekupa vitenzi vinavyoandamana na istilahi. Hatifungani inaiva. Bondi ya korti inasainiwa. Dhamana ya mshtakiwa inatolewa, inazuiwa, inafutwa. Watahiniwa wengi nomino wanaipata, kisha wanaharibu kwenye kitenzi: wanaandika "hatifungani itaisha", kama vile ni dawa kwenye chupa. Andika jozi pamoja na kitenzi chake.

Kuhusu nchi: mtihani ukisema "Kiswahili sanifu" bila kutaja nchi, mimi nilikuwa nakubali ya pande zote mradi mtahiniwa asichanganye. Ukianza na "Mahakama ya Rufani" ya Tanzania, usimalizie na "Mahakama ya Rufaa" ya Kenya ndani ya aya moja.

NjeriWaHabari
Kuiva ni yenu. Kwetu hatifungani inakomaa.

MwanaHisa
Huku pia wapo wanaosema kukomaa. Kwenye matangazo mimi nimezoea kuona kuiva.

Kalamu_Nyekundu
Ningekubali yote mawili. Nisingekubali "kuisha".

Sista_Zuhura
Ngoja niwatoe kwenye pesa niwapeleke wodini, maana kuhusu "disichaji" Mtarajali ana nusu tu ya afya.

Kuna kipeperushi nilikutana nacho kazini, cha wagonjwa waliotoka kufanyiwa upasuaji. Cha Kiingereza kilimwambia mgonjwa arudi hospitali akiona disichaji kwenye jeraha. Aliyetafsiri akaandika: "Rudi hospitali ukiona kuruhusiwa kwenye jeraha." Ilichapishwa hivyo hivyo. Mama mmoja aliniuliza kama maana yake jeraha likimruhusu ndiyo arudi. Alikuwa na haki ya kuuliza.

Kwa hiyo AFYA igawe mara mbili. Mtu anaruhusiwa kutoka hospitalini. Jeraha, sikio, jicho au sehemu za siri hutoa kitu, au mtu hutokwa na kitu. Kwenye kipeperushi kile ingekuwa: "Rudi hospitali ukiona jeraha linatoa usaha."

Mtarajali
Asante Sista. Basi niandike disichaji ya jeraha = usaha?

Daktari_Mtarajiwa
Hapana, hapo Sista amebana mno. Usaha ni ule mzito, wa njano au kijani, unaoonyesha kuna maambukizi. Disichaji ni chochote kinachotoka, pamoja na majimaji mepesi ambayo siku za mwanzo yanaweza kuwa ya kawaida. Ukitafsiri yote kuwa usaha, kwanza unambadilishia daktari maelezo, pili mgonjwa anayetoka majimaji yenye harufu mbaya atasema "si usaha" na hatarudi.

Sista_Zuhura
Mdogo wangu, mimi nazungumza na mgonjwa, wewe unazungumza na kitabu. Ukimwambia mgonjwa "majimaji", atarudi hata kwa jasho lililolowesha bandeji. Usaha analijua.

Daktari_Mtarajiwa
Sista, heshima yako. Ila kwa ukeni je? Huko nako utaandika usaha? Mwanamke ana ute wa kawaida kila mwezi, na Kiingereza kinatumia neno hilo hilo moja kwa ule wa kawaida na kwa ule wa ugonjwa.

Sista_Zuhura
Kwa ukeni nakubaliana nawe, pale ni ute ukiwa wa kawaida, na ukiwa wa ugonjwa tunasema kutokwa na uchafu ukeni. Kwa jeraha nabaki na usaha.

Kalamu_Nyekundu
Mtarajali, ona walivyofanya hawa wawili: kila mmoja amechagua neno kwa kumtazama msomaji wake. Mtihani nao utakupa dalili. Kama matini ni kipeperushi cha mgonjwa, "jeraha linatoa usaha au majimaji yenye harufu" inawaridhisha wote wawili na inasomeka. Kama ni ripoti ya kitabibu inayosema disichaji ni nyepesi na haina rangi, usaha ni kosa la wazi, kwa sababu usaha mwepesi usio na rangi haupo.

Na kumbuka si lazima nomino itafsiriwe kwa nomino. Kiswahili hapa kinapenda kitenzi: linatoa, anatokwa.

KaraniWaKorti
Nilikuwa nasubiri zamu ya "disichaji" ya mahakama. Mtarajali umeandika "kuachiwa huru". Hapo kuna shimo ambalo hata wanahabari wanatumbukia.

Kuna kuachiwa kwa aina mbili. Moja ni ile ambayo kesi imesikilizwa, mahakama ikaona hana hatia. Waingereza wanaiita akwitali. Huyo ameachiwa huru, na hawezi kushtakiwa tena kwa kosa lile lile. Nyingine ni ile ambayo kesi imeondolewa njiani, mfano Mkurugenzi wa Mashtaka ameieleza mahakama kwamba hana nia ya kuendelea na shauri. Hiyo ndiyo disichaji. Mshtakiwa anatoka, lakini bado anaweza kushtakiwa tena kwa mambo yale yale.

Fikiria taarifa hii: Jumatatu kesi imeondolewa, gazeti likaandika "aachiwa huru". Jumatano amesomewa upya mashtaka yale yale. Msomaji anadhani serikali imevunja sheria, au mahakama imejikanusha. Kumbe siku ya Jumatatu hakuachiwa huru. Neno moja, "huru", ndilo lililodanganya.

Mimi naandika: akwitali = kuachiwa huru kwa kuonekana hana hatia; disichaji = kuachiwa baada ya mashtaka kuondolewa.

NjeriWaHabari
Karani, kwa kichwa cha habari hiyo ni ndefu mno. Sisi tungesema "afutiwa mashtaka".

KaraniWaKorti
"Afutiwa" nayo ina walakini. Kilichofutwa mtu anadhani hakirudi. Afadhali "mashtaka yaondolewa".

NjeriWaHabari
Hapo umepasua unywele. Msomaji wetu haoni tofauti ya kufutwa na kuondolewa. Na Kenya mashtaka yakiondolewa baada ya mshtakiwa kutakiwa kujitetea, sheria inataka aachiliwe kama asiye na hatia, harudishwi. Kwa hiyo hata "yaondolewa" haisemi kila kitu.

KaraniWaKorti
Kweli, hata Tanzania hatua ambayo kesi imefika ina uzito wake pale mwendesha mashtaka anapoliondoa shauri. Ndiyo maana nataka sentensi ya muktadha iitaje hatua: "Mahakama ilimwachia mshtakiwa baada ya upande wa mashtaka kuondoa shauri kabla hajaanza kujitetea." Sentensi hiyo haimpotezi mtu.

Bin_Nyuki
Kwa hiyo mimi nikiachiwa na simu ikiishiwa chaji yote ni disichaji? Maana betri nayo naona wanaandika hivyo hivyo.

MwalimuMaabara
Ndiyo, Bin Nyuki, betri pia. Tunasema betri inatoa chaji, au inaishiwa chaji ikifika mwisho. Na mto nao una yake: kiasi cha maji kinachopita mahali fulani kwa sekunde, kinachopimwa kwa mita za ujazo. Hapo mimi hutumia "mtiririko wa mto". Mtarajali aliuliza kama amesahau fani, basi aongeze hizo mbili.

Nirudi kwenye nafasi aliyoacha wazi, bondi ya kemia. Niliyoizoea ni "kifungo": kifungo kati ya atomu na atomu. Sentensi: "Molekuli ya maji ina vifungo viwili, kila kimoja kikiunganisha oksijeni na atomu moja ya haidrojeni." Sentensi hiyo inapita mtihani wa Kalamu Nyekundu, maana hatifungani haiingii hapo hata kwa nguvu.

Daktari_Mtarajiwa
Sisi tulifundishwa "muungo". Kifungo ni cha shati na cha jela.

MwalimuMaabara
Muungo nimeuona. Tatizo lake ukiutia kwenye sentensi pamoja na "kuungana" na "muungano" wa elementi, mwanafunzi anapotea. Kifungo kinabaki peke yake, na unaweza kusema "kuvunja kifungo", jambo ambalo kemia inalihitaji kila siku.

Daktari_Mtarajiwa
Na muungo huwezi kuuvunja?

MwalimuMaabara
Unaweza, ila sijawahi kumsikia mtu akisema hivyo darasani.

PesaMkononi
Asante MwanaHisa kwa maelezo. Kumbe hatifungani. Sasa nimeelewa kwa nini tangazo lilikuwa halinieleweki.

Mtarajali
Nimesoma yote, asanteni. Nimeandika upya sehemu ya kwanza, nioneni:

FEDHA: bondi = hatifungani (inaiva). "Hatifungani ya miaka 10 itakapoiva, mwenye nayo atarudishiwa mtaji wake."
FEDHA: sekyuriti ya mkopo = dhamana (inawekwa). "Aliweka hatifungani zake ziwe dhamana ya mkopo."
MAHAKAMA: bondi = bondi, hati ya dhamana (inasainiwa). "Kila mdhamini alisaini bondi ya shilingi milioni tano, bila kutoa pesa taslimu."
MAHAKAMA: disichaji = kuachiwa baada ya shauri kuondolewa. "Aliachiwa baada ya shauri kuondolewa, kisha akakamatwa tena kwa tuhuma zile zile."
AFYA: disichaji ya mtu = kuruhusiwa. "Aliruhusiwa kurudi nyumbani siku ya tatu baada ya upasuaji."
AFYA: disichaji ya jeraha = kutoa usaha au majimaji. "Jeraha linatoa majimaji mepesi yasiyo na harufu."
KEMIA: bondi = kifungo / muungo. Hapa bado.

Kalamu_Nyekundu
Hiyo ya shauri kuondolewa na kukamatwa tena ni nzuri sana, "huru" haina pa kukaa. Ya upasuaji irekebishe kidogo: hata "alisafirishwa" na "alisaidiwa" vinaingia pale. Weka daktari na fomu: "Daktari alijaza fomu ya kumruhusu, akamwandikia dawa za kutumia nyumbani."

Sista_Zuhura
Na ya jeraha ongeza nyingine yenye usaha, zikae mbili pamoja. Usiniondolee usaha wangu.

KaraniWaKorti
Kwenye bondi ya mahakama, "bila kutoa pesa taslimu" imekaa vizuri. Mtu wa Kenya naye ataielewa, au vipi Njeri?

NjeriWaHabari
Ataielewa. Ila kwetu ataongeza hati ya shamba.

MwalimuMaabara
Kwa kemia, Mtarajali, angalia matini ya mtihani imetumia neno gani kwingine. Ikiwa kuna maelekezo au faharasa iliyoambatanishwa yenye muungo, fuata muungo. Isipokuwepo, mimi naandika kifungo.

Daktari_Mtarajiwa
Mimi naandika muungo.